Posti Zilizokwama: Uzirushe, Uzisogeze au Uzifute?

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, saa 12 na dakika 39 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja. Mafundi wa kampuni walieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliukata mtandao wa ndani unaounganisha vituo vyao vya data. Seva za majina zilipoona hazivifikii vituo hivyo, zikajiondoa zenyewe kwenye njia za intaneti, na simu za dunia nzima zikakosa pa kubisha hodi. Huduma zilianza kurejea baada ya saa 6 usiku.

Kwa muuza duka wa huku kwetu, saa hizo ndizo za soko. Watu wametoka kazini, wamekula, simu iko mkononi. Na haikuwa mara moja. Tarehe 5 Machi 2024 Facebook na Instagram ziliwatupa watu nje ya akaunti zao mnamo saa 12 jioni. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo huduma za Meta zikayumba tena usiku, mara hii na WhatsApp ikiwemo. Jioni yetu ni asubuhi ya California, kazi zinapoanza kwenye makao makuu ya kampuni hiyo, kwa hiyo anayepanga posti zake zitoke zenyewe kati ya saa 1 na saa 4 usiku ahesabu kwamba siku moja zitakwama. Swali ni afanye nini na foleni hiyo huduma zikirudi, na kila jibu lina bei yake.

Kabla ya bei, kuna jambo la kuhakikisha ambalo halina gharama yoyote, na ndilo linalorukwa zaidi. Neno "Failed" kwenye chombo cha kupangia posti si ushahidi kwamba posti haikutoka. Chombo hupeleka picha na maneno, kisha husubiri jibu. Ikiwa posti imepokelewa lakini jibu likapotea njiani, chombo kitaandika imeshindikana, nawe ukibonyeza "Retry" utakuwa na posti mbili zinazofanana ukurasani. Hitilafu za aina hii hutokea sana dakika za mwanzo na za mwisho za kuzimika, mtandao unapofanya kazi nusunusu. Fungua ukurasa wako kwa simu nyingine, ikiwezekana kwa akaunti ya mtu mwingine, uone kwa macho ni zipi zimo na zipi hazimo. Usiitegemee programu uliyozoea, maana inaweza kukuonyesha kumbukumbu iliyoihifadhi kabla ya hitilafu.

Kwa Instagram kuna jambo la ziada. Chombo cha nje kinapotuma posti huko, picha au video huwekwa kwanza kwenye kasha la muda, halafu hutolewa amri ya pili ya kulichapisha. Kasha lisilochapishwa ndani ya saa 24 huisha muda wake. Ndiyo maana posti iliyokwama usiku mmoja huweza kurudishwa kwa kitufe kimoja asubuhi, lakini ukiiacha siku mbili huenda ukalazimika kuipakia upya, na kama ni video hiyo ni bando.

Sasa tuzitwae saa za ule usiku wa Oktoba, tuziweke kwenye wiki ya kawaida ya sasa ya duka la nguo za watoto, Kariakoo. Hesabu ni za kupigia mfano. Badilisha tarakimu uweke zako. Msaidizi wa mitandao analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26, hivyo saa moja yake inagharimu kama shilingi 1,440. Kwenye foleni kuna posti 12. Nne zimeangukia ndani ya giza: saa 1 usiku, picha za magauni mapya ya shilingi 25,000, saa 2 usiku, Stori inayosema "Leo tu, mpaka saa 4 usiku, shilingi 20,000", saa 3 usiku, Rili ya kumsaidia mama kuchagua saizi bila kumbeba mtoto hadi dukani, na saa 3 na nusu, swali la kubahatisha lenye zawadi ya soksi, majibu kesho. Nane zilizobaki ni za Jumanne hadi Alhamisi. Katika hizo nane, ya kwanza imepangiwa Jumanne saa 2 asubuhi na inasema: "Asanteni sana kwa kuitikia ofa ya jana." Ya pili, saa 6 mchana, inatangaza mshindi wa soksi.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Macho yote yako kwenye zile nne zilizokwama, kumbe zilizo hatari ni mbili zilizo salama. Hizo hazikukwama, Jumanne mtandao ni mzima, zitatoka kwa wakati wake bila kuuliza mtu, na wateja watasoma shukrani za ofa ambayo hawakuiona na jina la mshindi wa swali ambalo halikuulizwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kuamua lolote kuhusu zilizokwama, ni kusimamisha foleni ya mbele. Vyombo vingi vina kitufe cha kuisimamisha yote. Pasipo na kitufe hicho, zisogeze posti mbili tatu za asubuhi ziende mchana ili upate muda wa kusoma.

Njia rahisi kuliko zote ni kuzirusha zote nne mara mtandao unaporudi. Msaidizi anatumia dakika tano, yaani shilingi 120. Lakini itazame ile Stori ya ofa. Stori hukaa saa 24. Ikitoka saa 1 asubuhi ya Jumanne, neno "leo" limeshahama siku, na mama anayeisoma akiwa kwenye daladala ana haki ya kuamini kwamba bei ya shilingi 20,000 ipo mpaka saa 4 usiku huu. Kama duka halikupanga punguzo la Jumanne, lina mawili: kulikubali au kugombana na mteja. Wakija wateja 12 na wote wakakubaliwa, ni shilingi 60,000 zimetoka kwenye faida. Dakika tano za bure zimekuwa ghali kuliko siku tano za mshahara wa msaidizi. Na hizo posti nyingine tatu hazikupata nafasi nzuri pia. Mfuasi anayefungua Instagram mara moja asubuhi aghalabu hapewi posti nne mfululizo za duka moja. Ataona moja, pengine ile dhaifu, na zilizobaki zinachuja huko chini.

Njia ya pili ni kusogeza foleni nzima. Watu wengi huidharau, nami naiona bora kuliko inavyosifiwa, kwa sharti moja: isogezwe saa 24 kamili, si saa sita zilizopotea. Ukisogeza kwa saa sita, posti ya saa 1 usiku inatoka saa 7 usiku, watu wamelala. Ukisogeza kwa siku nzima, saa zinabaki zilezile, na minyororo haikatiki: ofa inatoka Jumanne saa 2 usiku na bado ni "leo tu, mpaka saa 4 usiku", shukrani zinafuata Jumatano asubuhi, mshindi anatangazwa baada ya swali. Maneno kama "leo", "jana" na "kesho" yanajirekebisha yenyewe.

Kinachovunjika ni kila kilichotajwa kwa jina la siku, tarehe au tukio. Tuseme posti ya Jumatano ilisema "Kesho Alhamisi tunafunga saa 7 mchana, tunahesabu mzigo." Ikisogea hadi Alhamisi inakuwa uongo, na mteja atakayefika Alhamisi saa 9 kutoka Mbagala akakuta mlango umefungwa hatajali kwamba kosa ni la seva. Maandishi yaliyo ndani ya picha ni mabaya zaidi, kwa sababu utafutaji wa maneno hauyafikii. Bango lililoandikwa "Jumatano" linapita bila kuonekana mpaka limeshatoka. Kwa hiyo gharama ya kusogeza ni kusoma kila posti na kuifungua kila picha. Kwa dakika tatu kila moja, posti 12 ni dakika 36, kama shilingi 860. Huko mwishoni mwa foleni nako kuna kitu kidogo cha kuangalia: posti ya Alhamisi inahamia Ijumaa, na kama Ijumaa ilikuwa na zake, mojawapo lazima iondoke.

Njia ya tatu, kufuta, inaonekana ya hasara kwa sababu kitu kilichotengenezwa kinatupwa. Hapa tofautisha kufuta na kurudisha kwenye rasimu. Ile Rili ya saizi huenda ilimla msaidizi nusu siku, saa nne, karibu shilingi 5,800 za kazi. Haina tarehe, haina bei, itafaa mwezi ujao kama inavyofaa leo; hiyo inarudi kwenye rasimu wala haipotei. Ujumbe wa shukrani ulichukua dakika mbili kuandika na umekufa pamoja na usiku wake. Huo ufutwe bila huzuni. Makosa yanayoonekana mara nyingi ni kinyume: mtu anaifuta Rili kwa hasira pamoja na vingine, halafu anaibakiza salamu ya "usiku mwema" kwa sababu ni nzuri.

Ya nne ni kuchambua moja moja. Msaidizi anasoma foleni yote, dakika zilezile 36. Rili inakwenda rasimu, ipangiwe wiki ijayo. Picha za magauni zinachukua nafasi ya Jumanne saa 1 usiku, na posti dhaifu iliyokuwa hapo inaondoka. Swali na jibu lake vinasogezwa pamoja, saa 24. Shukrani zinafutwa. Ofa inarudi kwa mwenye duka, kwa sababu uamuzi huo si wa msaidizi: je, punguzo lilikuwa la kusafisha stoo, au lilifungwa na Jumatatu kwa sababu ya mzigo unaoingia Jumanne? Akisema iendelee, bango linatengenezwa upya kwa dakika 45, safari hii likiwa na tarehe kamili badala ya "leo". Jumla ni dakika 81, chini ya shilingi 2,000.

Ukiiweka njia ya kusogeza na hii ya kuchambua pamoja, tofauti ya fedha ni ndogo mno kuwa kigezo. Kigezo ni urefu wa foleni na jinsi posti zake zilivyofungamana. Foleni ya posti kumi na kitu nitaichambua moja moja kila mara. Foleni ya posti 60, kama ya mtu anayehudumia maduka matano, haichambuliki asubuhi moja. Hiyo naisogeza saa 24 nzimanzima, kisha nawinda zile zenye majina ya siku na tarehe nizishughulikie pekee.

Bado kuna swali la saa ngapi uanze. Kishawishi ni kuwa wa kwanza, wakati kila mtu amerudi mtandaoni kwa kiu. Ule usiku wa 2021 kampuni yenyewe ilirudisha mzigo taratibu, ikihofia kwamba kuwasha kila kitu kwa pigo moja kungeleta hitilafu nyingine. Saa ya kwanza basi si saa ya kuaminika kiufundi. Halafu kuna sababu ya kibiashara iliyo nzito zaidi: huku kwetu bidhaa huonekana Instagram, oda hufungwa WhatsApp. Jumbe zilizokwama usiku zinaingia kwa mafuriko mara huduma inaporudi, baadhi zikiwa za watu waliouliza bei saa nyingi zilizopita. Ukirusha ofa kabla hujawajibu hao, unaita wateja wapya waje kusimama nyuma ya foleni uliyoshindwa kuihudumia. Tuma ujumbe mmoja wa majaribio WhatsApp, hakikisha una alama mbili, safisha inboksi, ndipo posti ya kwanza itoke.

Matangazo ya kulipia yana hesabu yake. Kwa kawaida tangazo lisiloonyeshwa halikatwi fedha, hivyo wengi hudhani hakuna la kufanya. Angalia ulichagua bajeti ya namna gani. Kwa bajeti ya kila siku, Meta inaweza kupitisha kiwango cha siku moja na kufidia siku nyingine, mradi kwa wiki isizidi mara saba ya kiwango ulichoweka. Kwa bajeti ya jumla yenye tarehe ya mwisho, fedha ambazo hazikutumika zinabanwa kwenye saa zilizosalia. Tangazo la shilingi 30,000 lililopangiwa siku tatu, likipoteza jioni ya mwisho, linaweza kurudi saa 7 usiku likiwa na fedha mfukoni na saa chache za kuzimalizia, na likazimaliza kwa watu wasio wateja wako. Dawa ni kulisogezea tarehe ya mwisho mbele kwa siku moja, kazi ya dakika mbili. Na aliyelipwa kukutangazia kwenye ukurasa wake, naye posti yake ikakwama, usimlipe tena: omba asogeze siku, maana ulinunua posti iliyoonekana jioni, na hiyo hujaipata bado.

Yote hayo yanahusu hitilafu ya mtandao wa kijamii wenyewe. Kuna nyingine inayofanana nayo kwa sura na kutofautiana kabisa kwa hesabu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Instagram haikuwa na tatizo lolote. Seva zilizotunza posti zilizopangwa zilikuwa nje ya eneo lililoathirika, kwa hiyo posti zilitoka kwa dakika yake, zikatua mbele ya ukumbi mtupu. Hapo hakuna foleni iliyokwama. Kuna posti zilizotumika bure. Utaijua kwa dalili mbili: chombo kinasema imetoka na kweli imo ukurasani, lakini waliofikiwa wameshuka vibaya, na ukifungua takwimu kwa miji, wafuasi wa Muscat au London wako kama kawaida huku wa Dar es Salaam wametoweka.

Katika hali hiyo usisogeze chochote kilichopita, na usikifute, kwa sababu hao wachache waliokiona wanaweza kuwa wameshaandika maoni au oda. Foleni ya mbele isimamishwe mpaka intaneti itengemae, na kukatika kwa waya wa baharini huchukua siku, si saa. Baadaye posti muhimu irudiwe kwa maneno mapya, au ile ya zamani ipandishwe kwenye Stori. Video ndefu zisubiri zaidi ya picha, maana intaneti ikirudi nusu, picha hufunguka kwanza.

Linabaki la chombo: ulipie, au ubaki na cha bure? Meta Business Suite haina malipo na inatosha duka moja kwa siku za kawaida. Udhaifu wake ulionekana ile Oktoba: chombo cha kampuni kinazama na kampuni. Mtu hakuweza hata kufungua orodha ya posti zake aone zipi zinakuja asubuhi. Chombo cha nje, kama Buffer, hutunza foleni kwenye seva za mtu mwingine, hivyo unaweza kuisoma, kuisimamisha na kuirekebisha Instagram ikiwa bado gizani. Kifurushi chake cha bure kinaruhusu akaunti tatu, posti 10 kila moja. Cha kulipia ni kama dola 5 au 6 kwa akaunti kwa mwezi. Akaunti mbili, kwa dola moja kwa shilingi 2,500, ni kati ya shilingi 25,000 na 30,000 kabla ya makato ya kadi. Hootsuite iliondoa kifurushi chake cha bure mwaka 2023 na bei yake ya kuanzia ni karibu dola 100 kwa mwezi, fedha ambayo duka la Kariakoo lina matumizi mengi bora kwayo. Na chombo cha nje kina adha yake: hitilafu ikiwatupa watu nje ya akaunti, kama ile ya Machi 2024, kinaweza kudai ukiunganishe upya na ukurasa, na hadi ufanye hivyo posti zote zinazofuata zinaendelea kugoma.

Kwa duka letu la wastani wa posti tatu kwa siku, silipii. Kinachotakiwa usiku wa giza ni kuiona foleni, na hilo linapatikana kwa jedwali lililohifadhiwa kwenye simu: safu ya tarehe na saa, safu ya maneno ya posti, safu ya jina la picha, na safu ya nne inayosema posti hii inategemea ipi. Kikomo cha posti 10 cha Buffer ya bure nacho hakinisumbui. Ni siku tatu na kitu za foleni, na foleni ya siku tatu na kitu husomwa yote kabla duka halijafunguliwa.